Kwa nini "he said me" na "she told that" zinapigiwa mstari

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mapokezi kwenye hoteli hapa Moshi. Kila zamu ikiisha naandika ripoti fupi kwa Kiingereza, na msimamizi wangu kila mara anapiga mstari chini ya "he said me" na "she told that". Haelezi kosa ni nini. Nikigeuza, nakosea upande wa pili. Na "speak" nayo sijui inaingia wapi. Naomba unieleze kwa sentensi fupi fupi, maana ndizo ninazoandika.*

Marahaba, dada yangu. Tofauti kati ya "say" na "tell" unayo tayari kichwani, isipokuwa umeizoea kwa Kiswahili na hujaihamishia kwenye Kiingereza. Tuanzie hapo.

Sema kwa sauti: "Alisema anaondoka." Kisha sema: "Aliniambia anaondoka." Zote mbili ni sawa. Sasa jaribu hii: "Aliambia kwamba anaondoka." Sikio linagoma papo hapo. Yeyote atakayekusikia atakuuliza, alimwambia nani? Kitenzi "ambia" hakikubali kusimama peke yake. Lazima kiwe na mtu anayeambiwa. Geuza upande wa pili na useme: "Mgeni alinisema." Sentensi hiyo ipo, lakini maana yake ni kwamba mgeni alikugombeza au alikusengenya. Haiwezi kuwa na maana kwamba alikupa habari fulani.

Kiingereza kinafanya vilevile. "Tell" ni "ambia", na "say" ni "sema". Ukiandika "she told that she was leaving" umeandika "aliambia kwamba anaondoka", na msomaji wa Kiingereza anabaki na swali lilelile: alimwambia nani? Ukiandika "he said me" umempachika mtu kwenye kitenzi kisichombeba.

Kama sikio lako linajua hivyo, kwa nini kalamu inakosea? Kwa sababu Kiswahili humficha mtu ndani ya kitenzi. Katika "aliniambia", wewe uliyeambiwa ni ile "ni" ndogo katikati. Katika "alituambia" ni "tu", na katika "alimwambia" ni "mw". Kipande kidogo tu, kimemezwa na neno. Kwenye Kiingereza mtu huyo anatoka nje na kusimama kama neno kamili, mara tu baada ya kitenzi: "told me", "told us", "told him". Unapoandika haraka mwisho wa zamu, unakumbuka kitenzi na unakumbuka "kwamba", ila kile kipande cha katikati kinadondoka njiani. Matokeo yake ni "she told that". Au unaikumbuka ile "ni", lakini mkono umeshaandika "said", na unapata "he said me".

Kwa hiyo kabla hujaandika, itamke sentensi kwa Kiswahili na usikilize kitenzi. Kikija "alisema", andika "said". Kikija "aliniambia" au "alimwambia", andika "told" na neno linalofuata liwe mtu:

"She said that she was leaving."
"She told me that she was leaving."

Neno "that" hapo unaweza kuliacha bila hasara yoyote. "She said she was leaving" ni sawa, na "She told me she was leaving" ni sawa. Usichoweza kuacha ni "me" baada ya "told".

Jambo jingine ambalo nahisi ndilo linalokukosesha unapogeuza sentensi: neno "to". Baada ya "told", mtu anakuja moja kwa moja. "He told to me" ni kosa, kama vile kwa Kiswahili usivyosema "aliambia kwangu". Ni "say" inayohitaji "to" ukitaka kumtaja mtu: "He said to me." Hiyo hutumika sana pale unapotaka kuandika maneno yenyewe yaliyotoka mdomoni: He said to me, "Wait here." Ukiwa unaripoti habari tu kwa maneno yako, "He said to me that he was tired" inaeleweka, lakini inasikika nzito. "He told me he was tired" inateleza zaidi, na mimi ningekushauri uandike hiyo.

Sasa tuchukue ripoti ya zamu ya usiku. Nimeitunga mwenyewe, na nimeweka humo makosa ninayokutana nayo mara nyingi:

"The guest in Room 12 said me that the shower was cold. I told to the electrician. He told that he was busy. I said him to come before six. The guest spoke that she wanted another room. I was said that all the rooms were full. She said about the noise also."

Sentensi ya kwanza kwa Kiswahili ni "Mgeni wa chumba namba 12 aliniambia kwamba maji ya bafuni ni ya baridi." Kitenzi ni "aliniambia", kwa hiyo: "The guest in Room 12 told me that the shower was cold." Unaweza pia kuandika "The guest in Room 12 said that the shower was cold." Zote ni sahihi kisarufi, ila kwenye ripoti hazifanyi kazi moja. Ya kwanza inaonyesha kwamba malalamiko yalifika kwako. Ya pili inaeleza alichosema mgeni tu, aliyempokea hajulikani. Kama kesho msimamizi atataka kujua nani alipewa taarifa, ile ya kwanza ndiyo itakayomjibu.

Ya pili inatibiwa kwa kufuta neno moja: "I told the electrician." Fundi anakuja mara tu baada ya "told", bila "to".

Ya tatu ndiyo "she told that" yako, imebadilika jinsia tu. "Alisema ana kazi nyingi" inakuwa "He said that he was busy." "Aliniambia ana kazi nyingi" inakuwa "He told me that he was busy." Chagua moja. Angalia pia "was". Kwa Kiswahili tunasema "alisema ana kazi", wakati uliopo, lakini Kiingereza cha ripoti hurudisha kitenzi cha pili nyuma pamoja na cha kwanza. Ukiandika kitenzi cha wakati uliopita, kama "was", kila mara baada ya "said" au "told" kwenye ripoti ya mambo yaliyokwisha kutokea, hutapigiwa mstari.

Ya nne inahitaji utulivu kidogo, kwa sababu ina "to" ambayo ni halali. "Nilimwambia aje kabla ya saa kumi na mbili" ni "I told him to come before six." Msomaji mwangalifu atauliza, si umesema "told" haitaki "to"? Nilisema haiitaki kabla ya mtu. Hapa mtu, "him", tayari amekaa mahali pake karibu na "told". "To" hii ni ya kitenzi kinachofuata, "come". Ndiyo inayofanya kazi ya ile "aje" yetu. Wengi wakishaambiwa waache "to", wanaifuta hata hapa na kuandika "I told him come", ambalo ni kosa jipya. Na kama ni katazo, "nilimwambia asizime umeme", Kiingereza kinaweka "not" kabla ya "to": "I told him not to switch off the power." Usiandike "I told him to don't switch off".

"Say" haifai kwa amri ya namna hii ukitaka kumtaja mtu. "I said him to come" haipo kabisa. Kila unapomwagiza mtu, tumia "tell": "Please tell the driver to wait." "Tell the guest to call reception." "The manager told us to close the gate."

Sentensi ya tano ina "spoke that". Hapo "speak" imevaa nguo isiyo yake. "Speak" haibebi maneno yaliyosemwa wala haifuatwi na "that" ya "kwamba". Mgeni alisema anataka chumba kingine: "The guest said that she wanted another room." Nitarudi kwa "speak" hivi punde.

Ya sita ni kosa ambalo Kiswahili chenyewe kinalisahihisha, ukikisikiliza. "Niliambiwa vyumba vyote vimejaa." Niliambiwa, wala si "nilisemwa". Nikisemwa maana yake watu wamenigombeza au wananiteta. Kwa hiyo: "I was told that all the rooms were full." Kadhalika "tuliambiwa" ni "we were told" na "hakuambiwa" ni "he was not told". "Say" katika umbo hili inabaki kwa habari isiyo na mwenyewe, ile tunayoianza kwa "inasemekana": "It is said that the road is bad." Kwenye ripoti ya mapokezi huihitaji hiyo, msimamizi anataka habari yenye mwenyewe.

Ya saba inatoka kwenye "alisema kuhusu kelele". Kiswahili kinaruhusu, Kiingereza hakiruhusu "She said about the noise". "Say" inataka kitu kilichosemwa kati yake na "about": "She said something about the noise." Hata hivyo kwa ripoti yako hiyo ni dhaifu, kwa sababu msomaji atauliza alisema nini. Andika "She also told me about the noise." Au kama alilalamika, sema alilalamika: "She also complained about the noise."

Ripoti iliyonyooka inasomeka hivi:

"The guest in Room 12 told me that the shower was cold. I told the electrician. He said that he was busy. I told him to come before six. The guest said that she wanted another room. I was told that all the rooms were full. She also told me about the noise."

Sasa "speak". Hii ni kuzungumza: tendo lenyewe la kutoa sauti na kuongea, pasipo kusema ni maneno gani yalitoka. Ina kazi kubwa mbili kwako. Ya kwanza ni lugha: "She speaks French." "I speak Swahili and English." Lugha inakuja moja kwa moja, na "say" wala "tell" haziwezi kushika nafasi hiyo. Lakini mgeni akikuuliza neno fulani linaitwaje, hapo linatajwa neno lenyewe, kwa hiyo ni "say": "How do you say this in Swahili?"

Kazi ya pili ni kuzungumza na mtu, na hapa "to" ni lazima: "I spoke to the electrician." "Can I speak to the manager?" "He spoke me" ni kosa, kama lilivyo "he said me". Wengine husema "spoke with", nayo ni sawa. Kwenye simu utaisikia sana "speak", kwa sababu anayepiga anaomba mazungumzo na bado hajatoa habari. "Can I tell the manager?" ni kitu kingine kabisa: anaomba ruhusa ya kumpa meneja habari fulani, nawe utabaki unasubiri, amwambie nini?

Tofauti hii ina uzito kwenye kitabu cha zamu. "I spoke to the electrician" inamjulisha msimamizi kwamba mliongea, haimjulishi mliongea nini. Huenda mlisalimiana tu. "I told the electrician about the shower" inamjulisha kwamba taarifa ya maji imemfikia fundi. Kama fundi baadaye atasema hakujua, sentensi ya pili inakulinda, ya kwanza haikulindi.

Nimekuambia upime kwa Kiswahili, na kipimo hicho kitakufikisha mbali, lakini kina mahali kinapodanganya, tena ni pale pale kwenye "sema". Kwa Kiswahili mtu "anasema kweli" na "anasema uongo". Ukifuata kipimo utaandika "He said a lie", na ni kosa. Kiingereza hapa kinatumia "tell", hata kama hakuna mtu anayetajwa: "He told a lie." "She told the truth." Ni hivyo pia kwa hadithi, kichekesho na saa: "tell a story", "tell a joke", "tell the time". Hizi ni chache, na huna njia nyingine ila kuzikariri kama zilivyo, jozi jozi. Ukitaka kumtaja mtu, anaingia katikati kama kawaida: "He told me a lie."

Kwa sababu ya hizo chache, kuna sentensi moja inayowachanganya hata wanafunzi wazuri. "She told that story again" ni sahihi. Ina "told" na ina "that", na haina mtu, lakini msimamizi wako hawezi kuipigia mstari. Sababu ni kwamba "that" hii si "kwamba". Ni "ile": aliisimulia tena hadithi ile. Inayokataliwa ni "told" ikifuatwa na "that" ya "kwamba" bila mtu anayeambiwa kutajwa. Ukiwa na shaka, isome "that" kwa Kiswahili. Ikisomeka "ile" au "kile", huenda uko salama. Ikisomeka "kwamba", rudi utafute mtu.

Upande wa "say" nako kuna maneno yake ya salamu na adabu: "say hello", "say goodbye", "say sorry", "say thank you", "say yes", "say no". Hapa Kiswahili hakitakusaidia sana, maana sisi tuna kitenzi kizima kwa kila moja: aliniaga, aliniomba radhi, alinishukuru. Ile "ni" itakuvuta uandike "she said me goodbye". Mweke mtu mwisho, na "to" mbele yake: "She said goodbye to me." "The guest said thank you to the cook."

Kwenye maswali na ukanushi sheria ya mtu haibadiliki, ila kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la asili kwa sababu "did" imeshachukua wakati uliopita. "What did she say?" ni swali kamili. "What did she tell you?" ni kamili pia, lakini "What did she tell?" inaning'inia, kama "Aliambia nini?" inavyoning'inia. "I didn't told her" irekebishe iwe "I didn't tell her". Na unapoisoma ripoti kwa sauti, "said" hutamkwa "sed" na "says" hutamkwa "sez", fupi, ingawa herufi zinakushawishi uzivute.

Kabla ya kukabidhi kitabu, tafuta kila "told" uliyoandika na uangalie neno la kulia kwake. Ni mtu? Sawa. Ni "to" au "that" ya "kwamba"? Irekebishe, isipokuwa kwenye "I was told" au "we were told", ambako mtu anayeambiwa ametangulia. Kisha tafuta kila "said" na uangalie kulia. Ikifuatwa na "me", "him", "her", "us" au jina la mtu anayeambiwa, igeuze iwe "told". Ripoti ya zamu moja ni mistari michache. Utamaliza kabla mwenzako hajavua koti.

Nakuonya juu ya neno moja zaidi, kwa sababu ukishazishinda hizi tatu, nadhani ndilo litakalofuata kupigiwa mstari: "explain". Kwa Kiswahili "eleza" hukubali kotekote. "Alieleza kwamba hita imeungua" ni sawa, na "alinieleza tatizo" ni sawa, kwa hiyo sikio halitakushtua. Kwa Kiingereza "explain" iko kundi la "say". "He explained that the heater was burnt" inapita. "He explained me the problem" haipiti, kwa sababu ileile inayokataza "he said me". Tatizo linatangulia, mtu anakuja mwisho na "to" yake: "The electrician explained the problem to me."